Wastani, mediani na modi

Wastani, mediani na modi ni vipimo vitatu vya takwimu vinavyotumika kueleza orodha nzima ya data kwa thamani moja. Vyote vitatu huitwa vipimo vya mwelekeo wa kati. Hata hivyo havipimi kitu kimoja, na mara nyingi orodha ileile hutoa majibu matatu yanayotofautiana sana. Kipimo kinachofaa hutegemea mambo mawili: aina ya data zilizokusanywa na swali linaloulizwa.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua kati ya vipimo hivyo katika hali tatu zinazojitokeza mara kwa mara: data za makundi yasiyo na mpangilio, data za ngazi, na data za kipato ambazo huegemea upande mmoja. Orodha za kaya, wanafunzi na watu zilizotumika hapa ni mifano ya kubuni, isipokuwa pale inapotajwa vingine.

## Maana ya kila kipimo

Wastani hupatikana kwa kujumlisha thamani zote na kugawanya kwa idadi yake. Maana yake ni kiasi ambacho kila mmoja angepata kama jumla yote ingegawanywa sawasawa.

Mediani ni thamani iliyo katikati baada ya kupanga thamani zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Nusu ya data huwa chini yake au sawa nayo, na nusu nyingine juu yake au sawa nayo. Idadi ya thamani ikiwa shufwa, thamani za katikati huwa mbili, na kama ni kiasi kinachoweza kujumlishwa, huchukuliwa wastani wa hizo mbili.

Modi ni thamani au kundi linalojitokeza mara nyingi zaidi kuliko mengine. Orodha inaweza kuwa na modi moja, mbili au zaidi. Isipokuwepo thamani inayojirudia, orodha huhesabiwa kuwa haina modi.

Kila kipimo kinahitaji data ziwe na sifa fulani. Ili kupata modi inatosha kujua kama vitu viwili vinafanana au la. Ili kupata mediani lazima pia vitu viweze kupangwa, yaani ijulikane kipi kiko chini na kipi kiko juu. Ili kupata wastani lazima zaidi ya hapo kujumlisha kuwe na maana, yaani tofauti ya kati ya 1 na 2 iwe sawa na tofauti ya kati ya 4 na 5. Kosa la kawaida katika kuchagua kipimo ni kufanya tendo ambalo data haziruhusu.

## Data za makundi

Data za makundi ni majina tu. Mifano yake ni dini, kabila, mkoa wa kuzaliwa, aina ya kazi au aina ya nishati ya kupikia. Makundi haya hayana mpangilio wa asili: hakuna sababu ya kusema kwamba Mtwara iko "juu" au "chini" ya Mwanza.

Tuseme kaya 40 za mtaa mmoja zimeulizwa nishati wanayoitumia zaidi kupikia, na majibu ni haya:

| Nishati | Namba ya kundi | Idadi ya kaya |
|---|---|---|
| Kuni | 1 | 8 |
| Mkaa | 2 | 17 |
| Gesi | 3 | 13 |
| Umeme | 4 | 2 |

Modi ni mkaa. Namba za makundi katika safu ya pili zimewekwa ili kurahisisha uingizaji wa data katika kompyuta. Mtu akizijumlisha kwa kaya zote 40 atapata 89, na akigawanya kwa 40 atapata 2.225. Kompyuta itatoa jibu hilo bila kulalamika, lakini halina maana yoyote. Hakuna nishati iliyo kati ya mkaa na gesi, na kama kuni zingepewa namba 4 na umeme namba 1, "wastani" ungebadilika bila kaya yoyote kubadilisha jiko. Mediani nayo haifai, kwa kuwa mpangilio wa namba ni wa kubuni.

Modi ina mipaka yake pia. Kwanza, modi si wengi wa watu wote. Kaya 17 kati ya 40 ni asilimia 42.5, kwa hiyo kaya nyingi zaidi hazitumii mkaa. Atakayeandika kwamba "watu wengi wa mtaa huu wanapikia mkaa" atakuwa amesema jambo lisilo kweli, ingawa modi yake ni sahihi.

Pili, modi hutegemea namna makundi yalivyogawanywa. Tuseme dodoso lilitenganisha mkaa katika majiko ya kawaida, kaya 9, na mkaa katika majiko banifu, kaya 8. Sasa kundi kubwa kuliko yote ni gesi, lenye kaya 13. Hakuna kaya iliyobadilisha chochote. Kilichobadilika ni dodoso. Kwa sababu hiyo modi ya data za makundi inapaswa kutolewa pamoja na jedwali la idadi au asilimia ya kila kundi, ili msomaji aone makundi yalivyopangwa.

Kuna hali moja ambapo wastani wa data za makundi una maana kamili. Swali likiwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, ndiyo inaweza kuandikwa 1 na hapana 0. Katika mfano huu, kila kaya inayotumia gesi ikiandikiwa 1 na nyingine 0, wastani ni 13 ÷ 40 = 0.325. Hiyo ni sehemu ya kaya zinazotumia gesi, yaani asilimia 32.5. Wastani huu unakubalika kwa sababu kujumlisha moja moja hapa ni sawa na kuhesabu kaya.

## Data za ngazi

Data za ngazi zina mpangilio, lakini umbali kati ya ngazi moja na nyingine haujulikani au haulingani. Mfano ni majibu ya dodoso kama "siridhiki kabisa, siridhiki, kiasi, naridhika, naridhika sana". Mfano mwingine ambao wanafunzi wanaufahamu ni gredi za mtihani.

Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, gredi A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Gredi B imebeba alama kumi tu, ilhali C imebeba ishirini. Kwa hiyo kupanda kutoka katikati ya C hadi katikati ya B si hatua sawa na kupanda kutoka katikati ya F hadi katikati ya D. Gredi zinasema nani yuko juu ya nani, lakini hazisemi kwa kiasi gani.

Tatizo la kutafuta wastani wa gredi linaonekana kwa kulinganisha vikundi viwili vya wanafunzi watano watano:

* Kikundi cha kwanza: B, C, C, C, D
* Kikundi cha pili: A, A, B, F, F

Mwalimu mmoja anaamua kwamba A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na F ni 1. Kikundi cha kwanza kinapata jumla ya 15, wastani 3.0. Kikundi cha pili kinapata 16, wastani 3.2. Kikundi cha pili kimeongoza.

Mwalimu mwingine anasema F ni kushindwa, kwa hiyo haistahili pointi yoyote. Anaacha pointi nyingine kama zilivyo, na F anaipa 0. Kikundi cha kwanza kinabaki na wastani wa 3.0, lakini cha pili sasa kina jumla ya 14 na wastani wa 2.8. Kikundi cha kwanza ndicho kinachoongoza.

Walimu wote wawili wameheshimu mpangilio wa gredi, na wote wamejumlisha na kugawanya kwa usahihi. Mshindi amebadilika kwa sababu ya uamuzi juu ya thamani ya F, uamuzi ambao haukutoka kwa wanafunzi wala kwenye karatasi zao za majibu. Hiyo ndiyo dalili ya kwamba wastani haujasimama juu ya data zenyewe.

Mediani haina udhaifu huo. Gredi zikipangwa, ya katikati katika kikundi cha kwanza ni C, na katika kikundi cha pili ni B. Matokeo hayo yanabaki hivyo hivyo hata pointi zigawiwe vipi, mradi mpangilio wa A hadi F haukuvurugwa. Ndiyo maana mediani ni kipimo cha kwanza kufikiriwa kwa data za ngazi.

Hata hivyo mediani peke yake inaweza kuficha jambo zito. Kikundi cha pili kina mediani ya B, lakini wanafunzi wawili kati ya watano wamepata F. Mkuu wa shule anayesoma mediani tu hatajua kwamba wapo. Njia salama ni kutoa mediani pamoja na idadi ya wanafunzi katika kila gredi.

Idadi ya wanafunzi ikiwa shufwa na gredi mbili za katikati zikitofautiana, kwa mfano C na D, hazijumlishwi ili kupata "C na nusu". Huandikwa kwamba mediani iko kati ya C na D.

Yako mazingira ambapo wastani wa gredi hutumika kwa makusudi. Nchini Kenya, gredi za mtihani wa KCSE hupewa pointi kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E, na wastani wa pointi hutumika kumpa mtahiniwa gredi yake ya jumla. Hapo pointi ni kanuni iliyotangazwa kabla ya mtihani na inayomhusu kila mtahiniwa kwa namna moja. Wastani huo unafaa kama kanuni ya kupanga watahiniwa, lakini haugeuki kuwa kipimo cha umbali halisi wa ujuzi kati ya gredi moja na nyingine.

## Data za kipato

Kipato ni kiasi halisi cha fedha. Kinaweza kujumlishwa, kwa hiyo vipimo vyote vitatu vinaruhusiwa. Ugumu hapa uko katika umbo la data. Kwa kawaida kipato hakishuki chini ya sifuri, lakini hakina dari upande wa juu. Watu wengi hukusanyika kwenye viwango vya chini na vya kati, na wachache huwa mbali sana juu. Data za namna hii huitwa data zilizoegemea upande mmoja, na mchoro wake una mkia mrefu kuelekea kulia.

Wafuatao ni watu 11 wa mtaa mmoja, na kipato chao cha mwezi kwa shilingi, kikiwa kimepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa:

90,000, 120,000, 150,000, 150,000, 180,000, 220,000, 260,000, 300,000, 380,000, 550,000, 4,200,000

Jumla ni 6,600,000. Wastani ni 600,000, mediani ni 220,000 (mtu wa sita), na modi ni 150,000. Watu kumi kati ya kumi na mmoja wako chini ya wastani, na hakuna hata mmoja anayepata 600,000 kamili.

Tuseme mtu wa kumi na moja amefanya biashara nzuri na sasa anapata 8,600,000. Jumla inafika 11,000,000 na wastani unaruka hadi 1,000,000, ingawa wale kumi wengine hawakuongezewa hata shilingi. Mediani inabaki 220,000. Na kama mtu huyo akihama mtaa, wastani wa waliobaki unaanguka hadi 240,000, wakati mediani inashuka kidogo tu hadi 200,000.

### Uamuzi unaobadilika kwa kubadili kipimo

Kamati ya mtaa huo inataka kila mtu achangie mradi wa maji asilimia 5 ya "kipato cha kawaida cha mwezi". Ikitumia wastani wa kwanza, 600,000, kila mtu atatakiwa kutoa 30,000. Kwa anayepata 220,000, hiyo ni karibu asilimia 14 ya kipato chake. Kwa anayepata 90,000, ni theluthi moja. Ikitumia mediani, kiwango kinakuwa 11,000, ambacho kwa mtu wa katikati ni asilimia 5 kamili, kama kamati ilivyokusudia. Kwa anayepata 90,000 bado ni zaidi ya asilimia 12, na hilo linaonyesha kwamba hata mediani haimwakilishi aliye chini kabisa.

Sasa kamati ibadilishe mpango, iamue kwamba kila mtu atoe asilimia 2 ya kipato chake mwenyewe, na mhazini atake kujua kiasi kitakachokusanywa. Hapa swali ni la jumla, na jibu liko kwenye wastani: 600,000 × 11 × 0.02 = 132,000. Mhazini akitumia mediani atapata 220,000 × 11 × 0.02 = 48,400, na atakuwa ameikosea bajeti kwa zaidi ya nusu.

Data ni zilezile na watu ni walewale. Swali la kwanza lilihusu mtu wa kawaida, na la pili lilihusu jumla. Kwa hiyo kauli ya kwamba "mediani ni bora kwa kipato" ni kweli nusu. Mediani hujibu mtu wa katikati anapata nini. Wastani hujibu kuna kiasi gani kwa jumla kikigawanywa kwa idadi ya watu, na ndio unaohitajika katika makadirio ya kodi, michango na matumizi.

### Modi ya kipato

Kwa kipato modi mara nyingi haisaidii. Fedha huandikwa kwa viwango vingi tofauti, na inawezekana watu wawili tu wakalingana kwa bahati, kama katika mfano huu. Aidha, watu wanapoulizwa kipato chao hupenda kutaja namba zisizo na vipande, kama 100,000 au 150,000, kwa hiyo modi huweza kuonyesha mazoea ya kutaja namba badala ya kipato chenyewe. Modi inaeleza jambo la kweli pale ambapo wengi wanalipwa kiwango kilichopangwa, kama kima cha chini cha mshahara.

### Mifano ya takwimu rasmi

Tofauti kati ya wastani na mediani inaonekana pia katika takwimu za mataifa. Ofisi ya sensa ya Marekani ilikadiria kwamba kwa mwaka 2022 mediani ya kipato cha kaya nchini humo ilikuwa dola 74,580, wakati wastani ulikuwa takriban dola 106,400. Kiasi cha pili kinazidi cha kwanza kwa zaidi ya dola 31,000, kwa sababu ya kaya chache zenye kipato kikubwa sana.

Umoja wa Ulaya huweka mstari wa hatari ya umaskini kwenye asilimia 60 ya mediani ya kipato cha kila nchi, baada ya kurekebisha kwa ukubwa wa kaya. Kwa kutumia mediani, mstari huo haupandi kwa sababu tu matajiri wachache wameongeza kipato.

Kwa upande mwingine, pato la taifa kwa kila mtu ni wastani. Hupatikana kwa kugawanya pato lote la nchi kwa idadi ya wakazi. Linafaa kulinganisha ukubwa wa uchumi wa nchi zenye idadi tofauti za watu, lakini si kiasi anachopata mwananchi wa kawaida.

### Udhaifu wa mediani

Sifa inayoifanya mediani isiyumbishwe na tajiri mmoja ndiyo pia inayoifanya isione mabadiliko yaliyo mbali na katikati. Katika mfano wa watu 11, kipato cha watu watano wa chini kikipungua kwa nusu, mediani bado ni 220,000. Kwa hiyo taarifa ya kipato huwa kamili zaidi ikiongezewa thamani za robo. Katika orodha ya awali, robo ya kwanza ni 150,000 (mtu wa tatu) na robo ya tatu ni 380,000 (mtu wa tisa). Hali ya watu wa chini ikidorora, robo ya kwanza itaonyesha.

Pia mediani haziunganishwi. Mtu akijua wastani wa kata mbili na idadi ya watu wa kila kata, anaweza kukokotoa wastani wa kata zote kwa pamoja. Akijua mediani mbili tu, hawezi kupata mediani ya pamoja, na lazima arudi kwenye data za awali.

## Kipato kilichokusanywa kwa viwango

Watu wengi hawapendi kutaja kipato chao kamili, kwa hiyo madodoso mengi huwapa viwango vya kuchagua. Kiwango cha mwisho kwa kawaida huwa wazi upande wa juu:

| Kipato cha mwezi (shilingi) | Idadi ya watu |
|---|---|
| Chini ya 200,000 | 26 |
| 200,000 hadi chini ya 400,000 | 28 |
| 400,000 hadi chini ya 600,000 | 14 |
| 600,000 hadi chini ya 1,000,000 | 8 |
| 1,000,000 na zaidi | 4 |

Watu wote ni 80, na nusu yao ni 40. Kiwango cha kwanza kina watu 26, na viwango viwili vya kwanza kwa pamoja vina 54, kwa hiyo mediani iko katika kiwango cha pili. Hukadiriwa kwa kanuni hii:

```
M = L + ((N/2 - F) / f) * w
```

Hapa `L` ni mwanzo wa kiwango chenye mediani (200,000), `N` ni idadi ya watu wote (80), `F` ni idadi ya watu walio chini ya kiwango hicho (26), `f` ni idadi ya watu waliomo ndani yake (28), na `w` ni upana wake (200,000). Inapatikana 200,000 + (14 ÷ 28) × 200,000 = 300,000. Kanuni inachukulia kwamba watu wametawanyika sawasawa ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo jibu ni makadirio.

Wastani nao hukadiriwa kwa kuchukua katikati ya kila kiwango: 100,000, 300,000, 500,000 na 800,000. Viwango vinne vya kwanza vinatoa jumla ya 24,400,000. Tatizo ni watu wanne wa mwisho, kwa kuwa kiwango chao hakina mwisho na hivyo hakina katikati. Mtafiti akikisia kwamba kila mmoja anapata 1,500,000, wastani wa wote 80 unakuwa 380,000. Akikisia 5,000,000, unakuwa 555,000. Kisio juu ya watu wanne limehamisha wastani wa watu themanini kwa 175,000, ilhali mediani haikuguswa. Anayetoa wastani kutokana na jedwali kama hili anapaswa kueleza alikisia kiasi gani kwa kiwango kilichoachwa wazi.

## Makosa yatokanayo na programu za kompyuta

Programu za majedwali hukokotoa vipimo vyote vitatu kwa amri fupi:

```
=AVERAGE(A1:A11)
=MEDIAN(A1:A11)
=MODE(A1:A11)
```

Programu haijui kama namba zilizomo ni fedha, gredi au namba za makundi, kwa hiyo uamuzi huo ni wa mtumiaji.

Jambo lingine ni tofauti kati ya sifuri na kisanduku kitupu. Amri ya `AVERAGE` huhesabu sifuri kama thamani, lakini huruka kisanduku kitupu, na `MEDIAN` hufanya vivyo hivyo. Mtu asiye na kipato anapaswa kuandikiwa 0, na aliyekataa kujibu aachwe wazi. Wakichanganywa, vipimo vyote viwili huharibika. Waliokataa kujibu wakiandikiwa 0, mtaa utaonekana maskini kuliko ulivyo. Wasio na kipato wakiachwa wazi, utaonekana tajiri kuliko ulivyo.

## Hatua za kuchagua

1. Kutambua aina ya data. Kama ni majina tu, hutumika modi pamoja na jedwali la asilimia.
2. Kama data zina mpangilio lakini umbali kati ya ngazi haujulikani, hutumika mediani pamoja na idadi ya kila ngazi. Ikibidi kutumia wastani, pointi zilizogawiwa hutajwa. Njia ya kuupima ni kubadili pointi bila kuvuruga mpangilio: hitimisho likigeuka, wastani huo hautegemewi.
3. Kama data ni kiasi halisi, hukokotolewa wastani na mediani na kulinganishwa. Vikikaribiana, uchaguzi una athari ndogo. Wastani ukizidi mediani kwa mbali, kwa kawaida kuna thamani chache kubwa zinazouvuta.
4. Baada ya hapo huulizwa swali ni lipi. Kama ni la mtu au kaya ya kawaida, hutumika mediani, na kama ni la jumla, hutumika wastani.
5. Katika maandishi, kipimo hutajwa kwa jina lake. Maneno "kipato cha kawaida" peke yake hayamwezeshi msomaji kujua kama amepewa 600,000 au 220,000 ya watu walewale.

## Historia na mjadala

Mwingereza Francis Galton alianza kutumia neno mediani kwa Kiingereza katika miaka ya 1880, na Karl Pearson alianzisha neno modi mwaka 1895. Mgawanyo wa data kwa aina za vipimo unaofundishwa hadi leo ulitolewa na mwanasaikolojia Mmarekani Stanley Smith Stevens katika makala ya mwaka 1946. Stevens alieleza kwamba kila aina ya data inaruhusu matendo fulani ya hesabu tu, na kwamba wastani haustahili kutumika kwa data za ngazi.

Si wote waliokubaliana naye. Mwaka 1953 Frederic Lord aliandika kisa cha kuchekesha kuhusu profesa anayeuza namba za jezi za wachezaji. Namba hizo ni majina tu, hata hivyo wastani wake ulisaidia kuchunguza malalamiko ya kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa makusudi namba ndogo. Swali katika kisa hicho lilihusu namba zenyewe na namna zilivyogawiwa, wala si uwezo wa wachezaji waliozivaa. Mjadala huo haujaisha, na wastani wa majibu ya madodoso bado unaonekana katika tafiti nyingi.